Kreatini na usingizi: jinsi ya kujua kama dozi ya usiku ndiyo inayokukosesha usingizi

Karibu kila wiki mtu aliyeanza kunyanyua vyuma juzijuzi huniuliza: "Nikinywa kreatini usiku, nitalala kweli?" Mwingine huja na swali la upande wa pili: "Mimi nalala masaa matano tu. Kreatini bado inanisaidia, au nautia unga mwilini bure?" Nimejibu mara nyingi kwa sentensi mbili tatu, na kila mara jibu fupi huzaa maswali mengine. Basi leo naandika yote kwa utulivu, pamoja na jaribio ambalo mtu yeyote anaweza kulifanya nyumbani kwa wiki chache akajua hali yake mwenyewe.

Kwanza jibu, ili usisome mpaka mwisho ukiwa na hofu. Kreatini, ule unga wanaonyanyua vyuma huunywa ili wapate nguvu kwenye mazoezi, si kichangamshi. Haifanyi kazi kama kafeini, na kwa watu wengi saa ya kuinywa haigusi usingizi. Kinachougusa mara nyingi ni vitu vinavyoandamana nayo: kafeini iliyochanganywa kwenye kopo, maji mengi yanayonywewa nayo, na dozi kubwa inayovuruga tumbo. Hivi vitatu ndivyo utakavyovitenga kimoja kimoja.

Nadharia kidogo tu

Mwili wa mtu mzima wa kilo 70 hivi hubeba takriban gramu 120 za kreatini, na karibu 95% yake imo kwenye misuli. Kila siku gramu 2 hivi hupotea na kutoka kwa mkojo. Mwili wenyewe hutengeneza gramu moja hivi kwa siku, na nyingine hutoka kwenye nyama na samaki kwa anayekula. Fikiria mtungi uliojaa maji. Kata unayoongeza kila siku inafidia kilichopungua tu. Uimimine asubuhi, uimimine usiku, mtungi unabaki umejaa vilevile, na nguvu unayoipata kwenye mazoezi inatokana na huo ujazo, haitokani na kata ya leo.

Nakuomba ulishike jambo hili, kwa sababu jaribio zima limejengwa juu yake. Ukihamisha dozi kutoka usiku kwenda asubuhi, akiba ya mwilini haibadiliki. Kwa hiyo usingizi ukibadilika, umebadilishwa na saa ya kunywa au kitu kilichoandamana na kunywa huko. Lakini ukiacha kabisa, mtungi huchukua wiki nne hadi sita kushuka mpaka ulipokuwa mwanzo. Anayesema "niliacha siku tatu nikalala vizuri, kumbe ilikuwa kreatini" bado alikuwa na kreatini tele mwilini usiku ule aliolala vizuri.

Wasiwasi wenyewe haukutoka hewani. Ubongo unapotumia nishati mchana kutwa, kitu kiitwacho adenosini hujikusanya, na kadiri kinavyojaa ndivyo usingizi unavyobisha hodi. Kafeini inakesha watu kwa kuziba mahali adenosini inapopaswa kukaa. Kreatini haizibi chochote, ila inasaidia seli kurudisha nishati haraka, na watafiti wakajiuliza kama hilo linaweza kupunguza uzito wa usingizi. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti wa panya waliolishwa kreatini kwa wiki nne: walilala muda mfupi zaidi, na hata walipokoseshwa usingizi hawakulala sana kufidia. Habari hiyo ndiyo imesambaa mpaka ikakufikia wewe. Ambayo haikusambaa ni ya binadamu: mwaka 2024 ulitoka utafiti wa wanawake 21 waliofanya mazoezi ya vyuma kwa wiki sita. Waliopewa gramu 5 kwa siku walilala muda mrefu zaidi siku za mazoezi. Utafiti ni mdogo, siwezi kuuita ushahidi wa kufunga mjadala, lakini unaelekea upande ulio kinyume na hofu.

Na hata kama panya wangekuwa sawa na sisi, athari ile ilitokana na akiba iliyojengeka kwa wiki nne. Kuhamisha dozi asubuhi kusingeiondoa.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kreatini monohidrati tupu, isiyochanganywa na kitu kingine.
- Mizani ndogo inayosoma gramu. Kijiko cha ndani ya kopo hakitoshi, na sababu utaiona hatua ya pili.
- Chombo cha kupimia maji, mililita 250.
- Daftari na kalamu kando ya kitanda. Simu usiitumie kwa kazi hii, maana ukiishika asubuhi utaandika baada ya nusu saa ukiwa umeshasahau.
- Wiki tano ambazo hutarajii safari ndefu wala zamu za usiku.

Usianze kabla ya kuongea na daktari ikiwa una ugonjwa wa figo, ni mjamzito, unanyonyesha, au unatumia dawa za kila siku. Na kuna kundi moja linalosahaulika: watu wenye ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, yaani bipola. Katika majaribio madogo ya kitabibu, baadhi ya wagonjwa hao hisia zao zilipanda ghafla wakiwa wanatumia kreatini. Dalili yake ya mapema ni kulala kidogo sana bila kuhisi uchovu, mawazo yakikimbia. Ikikutokea, usifanye jaribio la aina yoyote. Acha, ukamwone daktari wako.

Hatua

1. Soma lebo yote, kisha ondoa kafeini ya jioni kwanza.

Wanaoniambia kreatini inawakesha, wengi nikiwaomba lebo nakuta si kreatini peke yake. Ni ule unga wa kabla ya mazoezi, ambao ndani yake kreatini imekaa pamoja na miligramu 150 hadi 300 za kafeini kwa dozi. Kafeini hujificha kwa majina mengine pia: guarana, dondoo ya chai ya kijani, dondoo ya kahawa. Ukiliona mojawapo, hesabu kuwa ni kafeini.

Kafeini huchukua masaa matano hivi kupungua kwa nusu, na kwa baadhi ya watu huchukua zaidi. Ukinywa miligramu 200 saa kumi na mbili unusu jioni, saa tano unusu usiku bado una kama miligramu 100 mwilini. Hiyo ni sawa na kunywa kikombe cha kahawa ukiwa umeshavaa nguo za kulalia.

Kwa hiyo wiki ya kwanza usiguse kreatini. Endelea kuinywa kama ulivyozoea. Hamisha kafeini tu, isiwepo yoyote baada ya saa sita mchana. Ikiwa kreatini yako imo ndani ya unga wa mchanganyiko, nunua iliyo tupu, maana huwezi kupima vitu viwili vilivyofungwa kwenye kijiko kimoja. Ukiacha kafeini nyingi kwa ghafla unaweza kuumwa kichwa siku mbili tatu, kwa hiyo hizo siku usizihesabu.

2. Pima gramu kwa mizani.

Dozi ya kawaida ni gramu 3 hadi 5 kwa siku, basi. Kijiko cha kopo kinasema gramu 5, lakini ukikichota kwa mlima juu kinabeba zaidi. Kijana mmoja ninayefanya naye mazoezi alinibishia hapo, nikamwambia achote kama anavyochota kila siku amwagie kwenye mizani. Namba ilipanda ikasimama 7.9. Akachota tena kwa uangalifu, ikasoma 7.4. Naye alikuwa anachota vijiko viwili siku za mazoezi, kwa maana hiyo karibu gramu 16 kwa mkupuo mmoja, na alikuwa analalamika tumbo kunguruma akiwa kitandani.

Dozi ya gramu 10 kwa mara moja imeonekana kuharisha watu zaidi kuliko ileile ikigawanywa mara mbili. Tumbo likikuamsha usiku wa manane, usiku umeshaharibika, na hapo hujajua lolote kuhusu kreatini na usingizi. Chagua gramu 5 (au 3 ukiwa mwembamba), iandike kwenye daftari, na usiibadilishe mpaka jaribio liishe.

3. Usifanye jaribio ukiwa kwenye wiki ya kujaza.

Wengine huanza kwa kujaza: gramu 20 kwa siku, zikigawanywa mara nne, kwa siku tano hadi saba. Hakuna ubaya ukiwa na afya, lakini wiki hiyo mwili unavuta maji ndani ya misuli, unakunywa zaidi, tumbo linaweza kusumbua. Ukiamua kujaza, dozi ya mwisho ya siku iwe kabla ya magharibi. Mimi huwashauri wanaoanza waiache kabisa hatua hiyo. Gramu 3 kila siku kwa siku 28 hivi zinakufikisha palepale, taratibu, bila kumsumbua mtu usiku. Jaribio lianze baada ya hapo, mtungi ukiwa umejaa.

4. Wiki mbili usiku, wiki mbili asubuhi, na maji yawe yaleyale.

Wiki mbili za kwanza nywa dozi yako saa moja kabla ya kulala, kwenye mililita 250 za maji. Wiki mbili zinazofuata nywa dozi ileile asubuhi ukiamka.

Kosa linaloharibu kila kitu liko hapa. Watu wakihamisha unga asubuhi, wanahamisha na maji. Kisha hawaamki tena kukojoa, na wanaamini kreatini ya usiku ndiyo iliyokuwa inawaamsha, kumbe ni bilauri ya maji tu. Kwa hiyo katika zile wiki mbili za asubuhi, saa moja kabla ya kulala bado kunywa mililita 250 za maji matupu. Inaonekana upuuzi, lakini ndiyo njia pekee ya kuutenga unga na maji yake. Ukiiruka hatua hii, matokeo yako hayatakuambia kitu.

Vingine viache vilivyo: saa ya mazoezi, saa ya chakula cha usiku, saa ya kupanda kitandani isipishane zaidi ya nusu saa. Usianze zoezi jipya gumu katikati ya jaribio, kwa sababu misuli inayouma inaweza kukugeuza kitandani usiku kucha.

5. Andika asubuhi, mistari mitano.

Ukiamka, kabla ya kufanya lolote, andika: saa uliyopanda kitandani, dakika unazokadiria zilipita kabla ya kulala, uliamka mara ngapi na kwa nini (mkojo, tumbo, joto, kelele, au hujui), saa uliyoamka moja kwa moja, na ulivyojisikia kwa kipimo cha 1 hadi 5. Usitazame saa usiku. Anayehesabu dakika kitandani hujikesha mwenyewe. Makadirio ya asubuhi yanatosha, kwa kuwa utakosea kwa namna ileile wiki zote nne.

Usiku wa homa, wa msiba, wa sherehe, au wa mtoto kulia, uwekee alama ya mkasi na usiuhesabu. Ukibaki na usiku kumi safi kwa kila upande, inatosha.

6. Soma matokeo kwa namba ya katikati.

Panga dakika zako za kusubiri usingizi kuanzia ndogo hadi kubwa, kisha chukua ile ya katikati. Usitumie wastani, kwa maana usiku mmoja wa dakika 120 utavuta hesabu yote upande wake. Tofauti ya chini ya dakika kumi kati ya usiku na asubuhi ichukulie kuwa hakuna tofauti, maana usingizi hupanda na kushuka zaidi ya hapo wenyewe. Tofauti ya dakika ishirini au zaidi, iliyorudi usiku mwingi, hiyo ipe uzito.

Nikupitishe kwenye daftari la yule kijana wa mizani, kwa ruhusa yake. Mazoezi yake huanza saa moja jioni. Kabla yake, saa kumi na mbili unusu, alikuwa anakunywa unga wenye miligramu 200 za kafeini. Akirudi nyumbani, saa nne usiku, anakunywa ile kreatini yake ya vijiko viwili kwenye chupa ya mililita 700, anaimaliza yote. Analala saa tano unusu. Siku saba za mwanzo, kabla hatujagusa chochote, namba yake ya katikati ilikuwa dakika 50, na aliamka mara mbili karibu kila usiku. Kila mstari wa "kwa nini" aliandika "mkojo" au "tumbo".

Tukaondoa kafeini ya jioni peke yake. Baada ya wiki moja, dakika 50 zikawa 25. Kuamka hakukubadilika, bado mara mbili. Tukashusha dozi hadi gramu 5 kwa mizani. Neno "tumbo" likatoweka kwenye daftari ndani ya siku tatu, "mkojo" likabaki. Tukashusha maji ya saa nne kutoka mililita 700 hadi 250, na nyingine akazihamishia mchana. Kuamka kukawa mara moja, usiku mwingine hakuamka kabisa.

Hapo ndipo jaribio lenyewe lilipoanza, wiki mbili kwa wiki mbili. Kreatini usiku: dakika 25. Kreatini asubuhi, pamoja na maji matupu usiku: dakika 20. Tofauti ya dakika tano, ndani ya ule upana tuliosema hauna maana. Aliniletea daftari akiwa ameduwaa kidogo, kwani alikuwa ameshaandaa moyo wake kuiacha kreatini. Saa ya dozi haikuwa imemfanya lolote. Kafeini ilimnyima karibu nusu saa, dozi ilimvuruga tumbo, maji yakamsimamisha kitandani. Bado anakunywa usiku, kwa vile ndiyo saa anayoikumbuka.

7. Chagua saa, kisha usiibadilishe tena.

Ukikuta hakuna tofauti, nywa saa ambayo hutaisahau, kwani kusahau siku nyingi kunashusha mtungi na saa haiushushi. Ukikuta tofauti ya kweli, hamia asubuhi bila kujadiliana na mtu. Hupotezi chochote cha maana: tafiti zilizolinganisha kunywa kabla na baada ya mazoezi hazijatoa tofauti kubwa ya kuaminika.

Ukiwa umekosa usingizi: kreatini bado inafaa?

Hili ni swali la pili, na linajibiwa kwa vipande viwili, kimoja cha misuli na kimoja cha kichwa.

Kwa misuli, usiku mmoja mbaya hauumwagi mtungi. Akiba unayo. Shida ni kwamba kreatini haijengi misuli yenyewe. Inakuwezesha kupiga marudio moja au mawili zaidi kwenye seti nzito, na hayo marudio ndiyo yanayojenga. Ukifika jimu ukiwa umelala masaa manne, ukakata seti mbili na kupunguza uzito, umeinyima kreatini kazi ya kufanya. Juu ya hayo, utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kuwa usiku mmoja bila kulala kabisa ulishusha kasi ya misuli kujijenga kwa 18%. Pengo hilo liko upande wa ujenzi, na kreatini inafanya kazi upande wa nishati. Hailizibi.

Kwa kichwa, habari ni nzuri kidogo. Mwaka 2006 mtafiti Terry McMorris na wenzake waliwapa watu gramu 20 kwa siku kwa wiki nzima, kisha wakawakesha masaa 24. Waliotumia kreatini hawakushuka sana kama wenzao katika baadhi ya vipimo vya wepesi wa kuamua na vya kusimama bila kuyumba, na hata hisia zao. Mwaka 2011 wachezaji kumi wa raga waliolala masaa machache walirusha pasi kwa usahihi zaidi baada ya kupewa kreatini kuliko walipopewa unga bandia usio na kreatini. Na mwaka 2024 watafiti wa Jülich, Ujerumani, waliwakesha watu 15 na kuwapa dozi moja kubwa ya gramu 0.35 kwa kila kilo ya mwili. Walifikiri haraka zaidi, na athari ilionekana hadi masaa tisa.

Ona kinachofanana kwenye tafiti zote tatu: kreatini ilipunguza mporomoko. Hakuna aliyeamka kama mtu aliyelala. Na ile dozi ya Jülich, kwa mtu wa kilo 70, ni gramu 24.5 kwa mkupuo. Usiijaribu nyumbani. Ni mara tano ya dozi yako, tumbo linaweza kukulipia papo hapo, na watafiti wenyewe hawakuipendekeza kwa matumizi ya kawaida kwa sababu ya mzigo kwa figo.

Kwa hiyo fanya hivi baada ya usiku mbaya.

8. Nywa dozi yako ya kawaida, saa yako ya kawaida. Usiongeze mara mbili ili "kufidia". Misuli iliyojaa haipokei zaidi, ziada inatoka kwa mkojo. Ubongo nao hupokea kreatini polepole mno, kwa hiyo gramu 5 za ziada asubuhi hazitakuchangamsha mchana.

9. Punguza kazi, usipunguze uangalifu. Fanya zoezi lako kubwa moja kwanza, mapema, seti chache nzuri, kisha nenda nyumbani. Mazoezi mapya ya ufundi, au uzito unaohitaji mtu wa kukusimamia, yaache kesho. Usiendeshe gari kwa kudhani kreatini imekuamsha. Haifanyi hivyo.

10. Kama unafanya zamu za usiku, funga dozi na kuamka. Saa ya ukutani haikuhusu. Nywa na mlo wa kwanza baada ya kuamka, hata kama ni saa kumi jioni. Zamu ikigeuka, dozi inageuka nayo bila wewe kupiga hesabu.

Mambo yakienda kombo

*Unga unabaki chini ya glasi.* Kreatini monohidrati huyeyuka vibaya kwenye maji baridi. Tumia ya uvuguvugu, koroga, unywe papo hapo. Chengachenga zinazobaki ni sehemu ya dozi yako, ongeza maji kidogo uzimalizie.

*Umehamisha asubuhi, umepunguza maji, bado unaamka kukojoa mara mbili au tatu.* Basi kreatini haihusiki. Hasa ukiwa na kiu isiyoisha mchana au unapungua uzito bila sababu, nenda ukapimwe sukari kwenye damu. Usiendelee kuhangaika na saa ya dozi.

*Saa ya mkononi inakuonyesha usingizi mzito umepungua.* Saa hizo hukisia hatua za usingizi kwa mwendo wa mkono na mapigo ya moyo. Kwa kujua ulilala saa ngapi na kuamka saa ngapi zinafaa. Kwa dakika za usingizi mzito, zisikufanye ubadili dozi. Daftari lako na jinsi unavyojisikia saa nne asubuhi vina uzito zaidi.

*Namba hazieleweki: usiku mmoja dakika 10, mwingine 90, pande zote mbili.* Kuna jambo kubwa zaidi linaloyumbisha usingizi wako. Angalia kwanza mazoezi mazito yanayoisha dakika chache kabla ya kulala, pamoja na saa ya kupanda kitandani inayorukaruka. Ukishindwa kulala usiku tatu au zaidi kwa wiki, na hali hiyo imedumu miezi mitatu, hilo ni tatizo la usingizi lenye matibabu yake. Kadhalika, ukiambiwa unakoroma na kukatika pumzi usingizini, jaribio liache uende hospitali.

*Kipimo cha damu kimeonyesha kreatinini imepanda.* Kreatini ikivunjika huwa kreatinini, na ndicho kitu kinachopimwa kukisia afya ya figo. Mwambie daktari kabla ya kipimo kwamba unatumia, gramu ngapi, tangu lini. Anaweza kuomba kipimo cha sistatini C, ambacho hakivurugwi na kreatini.

*Umeshalala, ukakumbuka hujanywa.* Usiinuke. Kwa usiku mmoja umepoteza gramu 2 hivi kati ya 120. Kesho endelea na dozi moja kama kawaida.